HB 20 siyo afya jamani

Juzi nimeisikia tena. Kijana wa mwaloni Kirumba kaja na baba yake, mkononi kabeba mfuko wa vidonge vya madini ya chuma na chupa ya juisi ya bitiruti, ananiuliza kwa hasira kabisa, "Dokta, wenzetu wanahangaika kutafuta damu ya kuongezewa, we mzee wetu unamtoa ya nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nandika.

Dhana: damu ikiwa nyingi ndo afya, na ukitolewa lazima uirudishe

Naelewa inatoka wapi. Huku ziwani tumezoea malaria na selimundu, HB 5, HB 6, kwa hiyo mtu akisoma 20 anaona kama kafaulu mtihani. Mzee mwenyewe ana miaka 58, HB ilikuwa 20, hematokriti asilimia 61, chembe nyeupe 14 na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 640, zote juu ya kawaida. Kichwa kizito, macho mekundu, na kila akitoka kuoga anawashwa kama kamwagiwa upupu, upele hakuna hata mmoja. Katibiwa aleji miezi nane na hakuna aliyemuuliza kuwashwa kunaanza saa ngapi. Ulizeni habari ya kuoga jamani, swali lenyewe la bure!

Hematokriti 61 maana yake zaidi ya nusu ya damu ni chembe nyekundu tupu, inakuwa nzito, inaganda kirahisi, na hapo ndo kiharusi na mshtuko wa moyo vinapoingia. Mvuta sigara au mwenye mapafu mabovu naye HB inaweza kupanda, ila kwake figo ndo zinadai damu kwa sababu oksijeni haitoshi, kwa hiyo homoni yao ya EPO inakuwa kawaida au juu. Kwa mzee EPO ilikuwa chini. Fikiria tenki la nyumbani limejaa, boya limeshapanda, ila pampu bado inasukuma maji kwa sababu swichi imeungua ikiwa imewashwa. Swichi yenyewe ni JAK2, inayokaa ndani ya seli za uboho na kazi yake ni kupokea agizo la EPO. Ikipata badiliko linaloandikwa kwenye majibu JAK2 V617F haisubiri agizo tena, na kwa kuwa seli mama iliyoharibika inazaa chembe za aina zote, mara nyingi utaona nyeupe na sahani nazo zimepanda. Hiyo ndo polisaithemia vera, na karibu wagonjwa 95 kati ya 100 wanalo badiliko hilo.

Tukaanza kumtoa damu, mililita 450 kila mara, lengo hematokriti ishuke chini ya 45. Mara ya tano ikafika 43. Sasa sikilizeni, kila chupa tunayotoa inaondoka na chuma kama miligramu 200 na kitu, kwa hiyo chuma kinaisha mwilini, na HICHO NDO TUNACHOTAKA, kwa sababu uboho bila chuma hauna malighafi ya kutengenezea chembe nyekundu. Familia wakaona karatasi imeandikwa feritini, yaani akiba ya chuma, iko chini, wakakimbilia duka la dawa. Wiki sita baadaye hematokriti 52, na asubuhi moja mdomo ukapinda dakika kumi ukarudi. Bahati yake.

Chuma kinaweza kutolewa kwa mgonjwa anayeteseka kweli kwa kukikosa, ila kwa uangalizi, siyo kwa ushauri wa jirani. Na wenzangu wa maabara, ukiona HB 14 ya kawaida lakini MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ni 62 na idadi yake ni milioni 7, usipitishe, huyo anaweza kuwa na polisaithemia iliyofunikwa na ukosefu wa chuma.

Dhana: JAK2 ni ya ukoo, watoto wapimwe wote

Hapana. Badiliko linatokea kwenye seli moja ya uboho, halimo kwenye mbegu wala yai.

Dhana: badiliko la JAK2 lisipoonekana basi mtu hana ugonjwa

Kwa polisaithemia ni nadra kukosekana, ila kwenye magonjwa mawili ndugu yake, ule wa chembe sahani kuzidi na ule wa uboho kuwa makovu, karibu nusu ya wagonjwa hawana V617F. Hao tunatafuta mabadiliko kwenye jeni nyingine, CALR na MPL.

Dhana: bandama kubwa huku ni kichocho tu

Mara nyingi kweli ni kichocho au malaria. Ila bandama kubwa na HB 18? Kichocho hakipandishi HB, hapo fikiria polisaithemia, rudi kaangalie kipimo cha damu nzima, FBP.

Mzee anaendelea na asprini ndogo, na baada ya ule mdomo kupinda nimemuongezea haidroksiyuria ya kutuliza uboho. Jana yule kijana kapiga simu, kaambiwa mtaani kwamba baba yake anapewa dawa ya selimundu. Ndiyo, ni hiyohiyo.