Je, wajua kwa nini picha yenye PSNR kubwa huweza kuwa na ukungu?

*"Nimekuza picha ileile kwa modeli mbili. Ya kwanza imepata PSNR kubwa lakini ina ukungu. Ya pili PSNR yake iko chini lakini inapendeza, na LPIPS na NIQE zinaipendelea. Niamini namba ipi?"*

Inategemea unataka kujua nini, kwa sababu namba hizo tatu, ambazo zote ni vipimo vya ubora wa picha, zinapima mambo matatu tofauti. Tuanze na PSNR, maana ndiyo chanzo cha ukungu wako.

PSNR huchukua kila pikseli ya picha yako na pikseli iliyo mahali palepale kwenye picha ya asili, yaani ile kubwa iliyokuwapo kabla ya kupunguzwa, hutoa moja kwa nyingine, huzidisha tofauti kwa yenyewe, kisha hupata wastani wa picha nzima. Wastani huo huitwa MSE. Kwa picha ya biti 8, hesabu inamalizika hivi:

```
PSNR = 10 * log10(255^2 / MSE)
```

Jibu huwa katika desibeli, na likiwa kubwa ndiyo vizuri. Sasa chukua picha ya mkeka wenye mistari myembamba: pikseli moja ina thamani 100, inayofuata 140, halafu 100 tena, hivyo hivyo. Ukiipunguza picha, mistari inayeyuka na kubaki kijivu cha 120. Tuseme modeli inatambua kwamba huu ni mkeka na lazima palikuwa na mistari, ila haina njia ya kujua kama mstari wa kwanza ulikuwa wa 100 au wa 140. Ikichora mistari na ikakosea kwa pikseli moja tu, kila pikseli inatofautiana na ya asili kwa 40. MSE inakuwa 1600 na PSNR desibeli 16.1. Ikiacha kijivu kitupu, kila pikseli inatofautiana kwa 20 tu, MSE ni 400, na PSNR inapanda hadi 22.1. Desibeli sita za ziada, kwa kuufuta mkeka!

Utasema, je, ikibahatisha sawa? Basi kosa ni sifuri. Lakini ikibahatisha mara nyingi, nusu ya majaribio ni sifuri na nusu ni 1600, kwa hiyo wastani wa MSE ni 800, mara mbili ya kijivu. Modeli iliyofunzwa kupunguza MSE hujifunza somo hilo vizuri sana: pasipo na uhakika, paka wastani. Ukungu unaouona ni wastani wa majibu yote yaliyowezekana.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni wa utafiti wa modeli ya kukuza picha iitwayo SRGAN, uliotolewa mwaka 2017. Picha za seti ya majaribio ya Set14 zilikuzwa mara nne kwa njia mbalimbali, na watu 26 wakaombwa kuzipa alama kuanzia 1 hadi 5. Ukuzaji wa kawaida wa `bicubic` ulipata PSNR ya 25.99 na SRGAN ikapata 26.02. Kwa PSNR hizo ni sare. Watazamaji, hata hivyo, waliipa ya kwanza wastani wa 1.80 na ya pili 3.72. Modeli ya tatu, SRResNet, iliyofunzwa kwa MSE, iliongoza kwa PSNR ya 28.49, lakini watu waliipa 2.98 tu.

LPIPS ilikuja mwaka 2018 kuziba pengo hilo. Richard Zhang na wenzake walipitisha picha mbili ndani ya mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa kutambua vitu, kama AlexNet au VGG, wakalinganisha yale ambayo tabaka zake huona: kingo, mistari, maumbo, mwonekano wa uso wa kitu. Uzito wa kila kipengele ulirekebishwa kwa kutumia hukumu za watu walioonyeshwa vipande viwili vya picha na kuulizwa kipi kinafanana zaidi na cha asili. Hapa namba ndogo ndiyo nzuri. Kijivu kitupu mahali pa mkeka kinaadhibiwa vikali, kwa sababu mistari imetoweka, ilhali mistari iliyosogea kidogo huadhibiwa kwa kiasi kidogo kuliko hapo, ingawa LPIPS nayo hutikiswa na msogeo kuliko jicho.

Inapotosha wapi? Kwanza, katika matumizi yake. LPIPS ya AlexNet na ya VGG hutoa namba zisizolinganishwa, na makala nyingi hazisemi zimetumia ipi. Pia maktaba ya `lpips` hutarajia thamani za pikseli kati ya -1 na 1. Ukiipa za 0 hadi 1 bila `normalize=True`, haikupi onyo lolote. Inakupa tu namba iliyo nje ya kipimo. Pili, na hili ni zito zaidi, modeli ikifunzwa kwa kutumia LPIPS au vipengele vya VGG, kisha ikapimwa kwa LPIPS hiyohiyo, mwanafunzi amefanya mtihani aliokwisha kuuona. Dalili ni namba kushuka sana kwa VGG huku ya AlexNet ikisogea kidogo. Kuza picha hadi asilimia 400 na mara nyingi utakuta vigridi vidogo vinavyojirudia kwenye ngozi au ukutani.

NIQE, ya mwaka 2013, haihitaji picha ya asili kabisa. Ina takwimu za vipande vikali vya picha nzuri, na hupima jinsi takwimu za picha yako zilivyo mbali nazo. Ndogo ni nzuri. Vipimo vingine vya aina hii, kama MUSIQ na CLIP-IQA, hufuata mkondo wa kinyume: kubwa ndiyo nzuri, kwa hiyo soma mwelekeo kabla ya kushangilia.

Kwangu mimi hivi ndivyo vipimo vya kuogopa zaidi, kwa sababu havijui picha ilipaswa kuwa ya nini. Badilisha picha ya mkeka na picha safi ya mnazi, NIQE inaweza kufurahi. Anga tulivu au mandhari ya nyuma iliyofifishwa kwa makusudi huweza kuonekana kama kasoro, na chembechembe za kubuni zilizonyunyizwa juu ya ukungu huweza kuonekana kama ubora.

Kwa picha zako mbili, zipunguze zote hadi ukubwa wa picha ndogo uliyoanza nayo, kwa njia ileile iliyotumika kuipunguza, kisha pima PSNR kati yake na hiyo picha ndogo. Hapa PSNR inafanya kazi inayoiweza, kwa kuwa kila pikseli ndogo inajulikana. Ikiwa modeli ya pili inashindwa vibaya hapo, imebuni vitu ambavyo havikuwamo, hata kama NIQE yake ni nzuri. Ikifaulu, unaweza kuipendelea kwa picha za kutazama tu.

Kwa namba ya gari kwenye kamera ya ulinzi, kufaulu huko hakutoshi. LPIPS hupata wastani wa picha nzima, na kibao hicho ni sehemu ndogo yake, kwa hiyo kata kibao na ukipime peke yake. Na bado 8 na 3 zikipunguzwa hadi pikseli chache huweza kutoa kijivu kilekile, kwa hiyo modeli inaweza kuchora 3 kali, safi, yenye alama nzuri katika kila kipimo kisichohitaji picha ya asili, mahali palipokuwa na 8.