Probox, penati, na ile shilingi 2,400

Nimefanya kazi miaka sita kwa kampuni ya kukopesha magari hapa Mombasa, upande wa kukusanya madeni, yaani mimi ndiye niliyekuwa nakupigia simu saa moja asubuhi. Sasa niko upande wa pili, nawasomea watu mikataba kabla hawajasaini, ingawa wengi huja wakati gari ishaingia yadi, so leo naandika kuhusu hao.

Kijana mmoja wa Bamburi alichukua Probox ya 900,000 kwa haya-pachesi, yaani unakodi gari huku unalipia kidogo kidogo, na inakuwa yako ukimaliza. Dipoziti 360,000, ikabaki 540,000 ya kulipa miezi 24. Muuzaji akamwambia riba ni "mbili na nusu tu kwa mwezi", na kweli ni mbili na nusu, lakini ni ya flati, maana yake inapigwa kwa ile 540,000 yote mpaka mwezi wa mwisho, hata kama ushalipa nusu. 13,500 kila mwezi mara 24 ni 324,000. Jumla 864,000, gawa kwa 24, instolmenti 36,000. Ukiihesabu vile benki inahesabu, kwa deni linalopungua, hiyo riba ni kama asilimia 4 na kidogo kwa mwezi. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemfafanulia pia.

Siku ya kuchukua gari ndo akaambiwa kuna traka 25,000, ada ya faili 16,200, wakili 10,000 na mtu wa kukagua gari 4,000. Hiyo ni 55,200 ambayo haikuwa kwenye lile bango la dipoziti. Akakimbia kukopa kwa kaka yake. Mimi hizi ada za mwanzo hazinitishi sana kwa sababu angalau unaziona unapozilipa. Zinazoumiza ni zile zinazokatwa kimya kimya kwenye instolmenti yako, na hapo ndo nataka tukae.

Kenya tuna Sheria ya Haya-Pachesi, Sura ya 507. Kifungu cha 15 kinasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye gari hawezi kuja kuichukua hivi hivi, lazima aende kortini kwanza. Akiichukua bila korti, mkataba unakufa, deni lililobaki linafutika, na una haki ya kumshtaki akurudishie kila shilingi uliyolipa. Soma tena hiyo. Na bei yote hapa si bei ya keshi, ni dipoziti pamoja na instolmenti zote. Kwa kijana wetu ni 360,000 na 864,000, yaani 1,224,000. Theluthi mbili ni 816,000. Toa dipoziti, inabaki 456,000, ambayo anaivuka akilipa instolmenti ya 13.

Alilipa 13. Nimeziona meseji za M-Pesa zote kwa simu yake, 36,000 mara 13, jumla na dipoziti 828,000. Halafu giaboksi ikafa, gari ikalala gereji, akakosa mwezi wa 14 na wa 15. Simu zikaanza, ikaja barua, halafu asubuhi moja gari ikakataa kuwaka hapo nje ya nyumba, kumbe traka imeizima kwa mbali, na kabla hajamaliza kufungua boneti dalali yuko hapo na gari ya kuvuta.

Nikamwambia omba stetimenti. Kampuni inasema amelipa 813,600. Eti 813,600! Ile 14,400 imeenda wapi? Ni hivi: miezi minne huko nyuma alichelewa siku kadhaa, na mkataba una penati ya asilimia 10 ya instolmenti iliyochelewa, 3,600 kila mara. Hakuna aliyemdai hizo pesa. Mwezi uliofuata alipotuma 36,000 mfumo ulikata penati kwanza, 32,400 ndo ikaenda kwa instolmenti. Yeye anajua amelipa kamili, kitabu kinasema ana upungufu, na ule upungufu wenyewe unafanya aonekane amechelewa tena. Alikuwa chini ya mstari wa theluthi mbili kwa shilingi 2,400. Hiyo ni mafuta ya siku moja jamani.

Bahati yake bima ya mwaka wa pili alikuwa ashailipa mwenyewe, kwa sababu hapo ndo mahali pengine wanapoumiza watu, kampuni inakatia bima kwa broka wao halafu inaibandika kwa akaunti yako bila kukuuliza.

Hoja yetu ilikuwa rahisi. Sheria yenyewe ikieleza bei ya mkataba inatoa nje penati na fidia ya kuvunja mkataba, kwa hiyo penati si sehemu ya ile 1,224,000, na pesa alizotuma alizituma kama instolmenti. Shida ni kuthibitisha hilo la pili. Anayelipa ana nafasi ya kusema pesa hizi ni za nini wakati analipa, asiposema mdai anachagua mwenyewe, na ukituma kwa M-Pesa unaweka nambari ya akaunti tu, hakuna pa kuandika neno. Ndo maana nawaambia watu ukimaliza kulipa tuma barua-pepe au meseji hapo hapo, "hii 36,000 ni instolmenti ya mwezi wa tano, kama kuna penati nitumieni nilipe kando". Na uombe stetimenti kila miezi mitatu, usingoje barua ya madai. Angeiona ile 2,400 wiki moja kabla, angeilipa na stori ingekuwa nyingine kabisa.

Kuna kitu kingine alifanya vizuri bila kujua. Dalali alimpa karatasi akamwambia, "Saini hapa kaka, ni ya kuonyesha gari haina mikwaruzo." Akakataa kwa sababu ya hasira tu. Ile karatasi juu imeandikwa kurudisha gari kwa hiari, na ukishaisaini watasema hawakukunyang'anya, ulirudisha mwenyewe, na kifungu cha 15 unakiongelea peke yako. Mimi nilikuwa naziprinti hizo karatasi, najua.

Kampuni ilitaka 125,800 kuachilia gari: malimbikizo 86,400 kwa hesabu yao, penati mpya 7,200, dalali 25,000, yadi 800 kwa siku tisa. Wakili akawaandikia barua ya ukurasa mmoja, wakashuka, akalipa 72,000 na nusu ya dalali. Tungeenda kortini labda tungepata zaidi, labda tungekosa, na gari ingekaa juani mwaka mzima huku yeye hana kazi. Nilimshauri achukue gari.

Sasa kabla hujafurahi angalia mkataba wako. Sheria hii haigusi bei ikizidi milioni 4, wala gari iliyochukuliwa kwa jina la kampuni. Na siku hizi wengi hawakupi haya-pachesi kabisa, wanakupa mkopo na logibuku inakaa majina mawili, lako na la mkopeshaji. Ukiona umeitwa mkopaji badala ya mkodishwaji, na gari imetajwa kama dhamana, hapo theluthi mbili haipo, unaingia kwa sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017. Muuzaji ataita zote "lipa pole pole", we fungua ukurasa wa kwanza uangalie wamekuita nani.