Chandarua cha dola tano hakiokoi mtoto kwa dola tano

Nimeisikia tena juma lililopita, safari hii kutoka kwa mfadhili mwenye nia njema kabisa, mbele ya kikao kizima: chandarua ni dola tano, kwa hiyo kila dola tano tunayotoa inaokoa mtoto mmoja. Watu wakapiga makofi. Ninafanya tathmini ya miradi ya malaria Kanda ya Ziwa, na hesabu hiyo nimeisahihisha mara nyingi mno kuweza kukaa kimya tena. Inayoniuma zaidi ni kwamba wanaoitoa hujinasibisha na harakati ya wema wenye tija, ile inayodai kwamba kila senti ya msaada iende pale itakapoleta faida kubwa kuliko kwingine. Dai hilo nalikubali. Ndiyo maana siwezi kuvumilia likibebwa na hesabu ya namna hii.

Chandarua kinapofika kwenye kaya, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna mtoto katika kaya hiyo ambaye angekufa kwa malaria mwaka huo. Tunagawa kwa wote kwa sababu hatujui ni nani angekufa. Gharama ya kuokoa uhai mmoja ni jumla ya vyandarua vyote tunavyolazimika kugawa hadi tukamfikia yule mmoja ambaye bila chandarua angefariki. Basi tupige hesabu yenyewe, kwa takwimu za mviringo.

Chukua watoto 1,000 wa chini ya miaka mitano. Katika jamii zetu watoto wa umri huo ni kama 16 katika kila watu 100, na kampeni ya ugawaji inahudumia kaya nzima, si watoto peke yao. Ili uwafikie watoto hao 1,000 unahitaji kuhudumia watu wapatao 6,250. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kukadiria chandarua kimoja kwa kila watu 1.8, kwa hiyo unaagiza vyandarua kama 3,500. Kwa dola tano kila kimoja, ukijumlisha ununuzi, usafiri, uandikishaji wa kaya na ugawaji, umetumia dola 17,500.

Unapata nini? Majaribio makubwa ya vyandarua ya miaka ya 1990, likiwamo la Kilifi, pwani ya Kenya, yalipojumuishwa pamoja, yalionyesha kwamba kwa kila watoto 1,000 waliokingwa, vifo kama 5.5 viliepukwa kwa mwaka. Tukisema chandarua kinafanya kazi vizuri kwa miaka miwili (lebo husema mitatu, lakini nenda ukahesabu matundu), hivyo ni vifo 11. Gawanya: kama dola 1,600 kwa kila mtoto. Tayari tumeshaachana na dola tano kwa mbali.

Wengi huishia hapo, nao hukosea kwa namna nyingine. Majaribio yale yalifanyika wakati watoto walikuwa wanakufa kwa kiwango cha kutisha. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta vifo 147 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Ni chini ya theluthi moja. Chandarua hupunguza sehemu fulani ya vifo vilivyopo. Vifo vikiwa vichache, sehemu ileile inakuwa watoto wachache. Badala ya 11 unabaki na watatu na ushei, na gharama inapanda hadi zaidi kidogo ya dola 5,000 kwa uhai mmoja. Makadirio ya GiveWell, shirika la Marekani ambalo tangu mwaka 2007 limekuwa likichambua misaada kwa njia hii, nayo huangukia kwenye dola elfu kadhaa, yakipanda na kushuka kutegemea nchi.

Kuna kosa moja hapa linalonichosha kuliko yote, na hulifanya wataalamu wenzangu. Wakishafika kwenye dola 5,000 wanasema: lakini si wote wanaolala ndani ya chandarua, labda saba kati ya kumi, kwa hiyo tupunguze tena idadi ya waliookolewa. Hapana! Majaribio yale yalihesabu watoto wote wa vijiji vilivyopewa vyandarua, pamoja na wale ambao hawakulala ndani. Uzembe wa matumizi umeshaingia ndani ya ile 5.5. Unachoruhusiwa kurekebisha ni tofauti kati ya matumizi ya wakati ule na ya sasa, basi. Tena Asembo, magharibi mwa Kenya, watafiti waligundua kwamba hata kaya zisizo na vyandarua, zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa majirani walio navyo, zilipata kinga, kwa sababu mbu wengi wa eneo lote walikufa. Ukipunguza bila kufikiri, unafuta watoto ambao kweli walipona.

Kwa hiyo dola 5,000 ni wastani, na hapa ndipo dai la kila senti kwenda panapofaa linapoanza kuwa na maana. Senti yako haiendi kwenye wastani. Inaenda kwenye chandarua kinachofuata, mahali fulani, mwaka fulani. Utafiti wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi ya watoto ni kama asilimia 7 kitaifa, lakini Kigoma yalikuwa asilimia 24, na Arusha, Kilimanjaro na Manyara hayakufika asilimia moja. Chandarua kilekile, bei ileile, lori lilelile. Dola 5,000 ikitumika Kigoma inaweza kuokoa zaidi ya mtoto mmoja. Ikitumika Arusha inaweza isiokoe yeyote. Mtu anayeniuliza kama vyandarua vina tija bila kuniambia ni vya wapi hajaniuliza swali linalojibika.

Jambo la pili ni chandarua chenyewe. Wapo wanaodhani kutafuta tija ni kununua cha bei ya chini ili vipatikane vingi. Waende Misungwi, Mwanza. Huko ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukilinganisha chandarua cha kawaida chenye kiuatilifu cha pairethroidi peke yake na vya aina mpya, kikiwamo kilichoongezewa kiuatilifu kingine, klofenapiri. Miaka miwili baada ya ugawaji, watoto waliopimwa katika vijiji vya chandarua cha kawaida walikuwa na vimelea kwa kiasi cha asilimia 46. Katika vijiji vya kile chenye klofenapiri ilikuwa asilimia 26. Sababu ni usugu: mbu wa Kanda ya Ziwa wamezoea pairethroidi. Usugu huo haujifichi. Unawaweka mbu kwenye mirija yenye karatasi iliyopakwa kiuatilifu kwa saa moja, unasubiri saa 24, unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya 90 kwa 100, usugu umethibitika, na kuendelea kuagiza cha kawaida kwa sababu ni rahisi ni kununua nguo ya kujifunika. Chandarua cha klofenapiri ni ghali zaidi, lakini uhai mmoja unaookolewa nacho unakuja kwa gharama ndogo zaidi.

Nipite haraka kwenye asilimia za utawala, maana wafadhili huzipenda. Shirika linalojisifu kwamba asilimia 95 ya fedha inakwenda kwa walengwa huenda limeokoa fedha kwa kutomtuma mtu kuingia nyumbani, kuangalia kama chandarua kimetundikwa na kuuliza nani alilala ndani usiku wa kuamkia leo. Mimi ni gharama ya utawala. Bila watu wa kazi yangu, hakuna anayejua kama vile 3,500 viko vitandani au vimefunika vitalu vya mchicha.

Swali gumu zaidi ni lile la nani angelipa kama wewe usingelipa. Vyandarua vingi Afrika hununuliwa na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, au mpango wa malaria wa Serikali ya Marekani. Ukinunua vyandarua vya mkoa ambao tayari ungehudumiwa na mmoja wao, kazi halisi ya fedha yako ni kumwachia yeye fedha zake, na hujui atazipeleka wapi. Ndiyo maana mashirika makini, kama Against Malaria Foundation, hukaa na mpango wa taifa wa malaria na kuuliza pengo liko wapi kabla ya kuagiza. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na makadirio yaliyokuwa sahihi Desemba yakawa hayana msingi. Hapakuwa na mbu mmoja aliyebadilika. Aliyebadilika ni mfadhili mwingine, na tija ya senti yako ikabadilika pamoja naye. Hili sijapata bado njia ya kuliweka vizuri kwenye jedwali, na sidhani kama yupo aliyepata. Tunakisia uwezekano, tunauandika kama asilimia, kisha msomaji anaichukua asilimia ile kana kwamba imepimwa.

Lakini shaka yangu kubwa iko kwingine. Ili uamue kama dola 5,000 ziende kwenye vyandarua au zigawiwe taslimu kwa kaya maskini, lazima useme uhai wa mtoto mmoja ni sawa na kipato kilichoongezeka kwa watu wangapi. Kwa miaka mingi namba hiyo ilitokana na maoni ya wafanyakazi wa mashirika ya Marekani. Baadaye shirika la IDinsight likaenda kuwauliza watu wenyewe, Ghana na Kenya, huku Kenya wakienda kaunti za Migori na Kilifi. Waliohojiwa waliuthamini uhai wa watoto wadogo kuliko wachambuzi walivyokuwa wamekisia, na wengi walikataa kabisa kutaja kiasi chochote cha fedha kinachoweza kulingana nao. Majibu yale yaliingizwa kwenye hesabu na mizani ikabadilika. Ni hatua nzuri. Ila yule mama aliyesema hakuna kiasi, hakuwa ameshindwa kuelewa swali. Alilijibu. Jedwali linataka namba, na jibu lake si namba, kwa hiyo ilibidi mtu ofisini aamue limaanishe nini. Wenzangu wengine wanasema alishikwa na hisia. Mimi nadhani alikuwa na msimamo, na sijui jinsi ya kuuingiza kwenye safu ya hesabu bila kuugeuza kuwa kitu ambacho hakukisema.

Bado ninapiga hesabu hizi, kwa sababu mtu asiyezipiga hupeleka vyandarua Arusha.