Alfa, au mwiba na wimbi? Kipande kimoja cha EEG

Tulioneshwa kipande cha EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo, cha mtoto wa miaka 8. Kinaanza na mawimbi madogo yaliyopangika, halafu ghafla yanakuja makubwa yenye ncha, nayo yamepangika pia. Nitajuaje lipi ni la kawaida?

Chukua rula. Karatasi ya EEG kwa kawaida hupita kwa kasi ya milimita 30 kwa sekunde, na ukurasa mmoja kwenye skrini huwa na sekunde 10. Hesabu vilele vilivyomo ndani ya sekunde moja ya mwanzo. Kwa mtoto huyo utapata kama 9, yaani kila wimbi lina upana wa milimita 3 na kidogo. Hiyo ni alfa, ambayo huenda mara 8 hadi 13 kwa sekunde; kwa umri wake, 9 ni sawa kabisa.

Kisha tazama ni mistari gani inayoionesha vizuri zaidi. Alfa hukaa kisogoni, kwenye elektrodi O1 na O2, na ukisogea mbele kuelekea paji la uso inapungua. Urefu wake hupanda na kushuka taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Kipimo cha mwisho hakihitaji rula: mwambie mtoto afumbue macho. Alfa itafifia papo hapo, na akiyafumba itarudi. Wakongwe waliuita mdundo wa Berger, kwa jina la daktari Mjerumani aliyechapisha EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1929.

Sasa nenda sekunde ya 4, mahali mistari yote inaporuka kwa pamoja. Pima kutoka mwiba hadi mwiba unaofuata: ni kama milimita 10, yaani mara 3 kwa sekunde. Kila tukio lina sehemu mbili, mwiba mwembamba usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, kisha wimbi pana linaloufuata. Hapa ukubwa unazidi mbele, kwenye F3 na F4, kinyume cha alfa. Alfa ya mtoto huyu ilikuwa kama mikrovolti 50, haya yanapita 300. Ndiyo maana mistari inapandana hadi huwezi kuitenganisha. Punguza ukuzaji kutoka mikrovolti 7 kwa milimita hadi 15 au 20, ndipo miiba itaonekana.

Kitu kinachonishawishi zaidi ya ncha yenyewe ni mwanzo na mwisho. Tukio linaingia ghafla, linadumu sekunde 9 hadi ukurasa wa pili, likipungua kasi kidogo mwishoni, kisha linakatika na alfa inarejea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtoto mwenyewe anakuwa anafanya nini wakati huo?

Huyu alikuwa akipuliza karatasi kwa nguvu, zoezi la dakika 3 la kupumua haraka na kwa kina, ambalo huchochea kifafa cha kupotewa fahamu kwa muda mfupi. Kwenye video aliacha kupuliza, akakodoa macho. Fundi akamtamkia neno “embe”. Tukio lilipokwisha mtoto akaendelea kupuliza mwenyewe, na alipoulizwa neno gani alisikia, hakulijua. Andika mambo hayo kwenye rekodi pale pale, kwa sababu msomaji wa kesho hatayaona kwenye mistari. (Mtoto mwenye selimundu usimpe zoezi hilo, mishipa ya ubongo hubana.)

Mwenzangu naye alionesha mawimbi makubwa ya mara 3 kwa sekunde wakati wa kupuliza, akaambiwa ni ya kawaida. Inakuwaje?

Huo ndio mtego unaowanasa wengi. Ubongo wa mtoto anayepuliza hutoa mawimbi mapana, wakati mwingine makubwa kweli, lakini hujijenga polepole kwa sekunde nyingi na hutulia polepole baada ya kuacha. Hayana miiba ya kujirudia, na mtoto akiitwa anaitika. Tafuta mwiba kabla ya kila wimbi. Usiuone mahali mawimbi mawili yalipogongana na kutengeneza ncha ya bahati.

Mtego mwingine ni alfa iliyochongoka. Mtoto akikaza misuli ya shingo, umeme wa misuli hupanda juu ya alfa na kuifanya ionekane na miiba. Mwambie alegeze kichwa kwenye mto, kisha uhesabu mawimbi upya: ikiwa bado ni mara 9 kwa sekunde, iko kisogoni, haina wimbi pana nyuma ya kila ncha na inafifia macho yakifumbuliwa, ni alfa tu.

Na ukurasa mzima ukiwa alfa safi, tumwambie mama kuwa mtoto hana kifafa?

Hapana. Rekodi ya nusu saa inaonesha nusu saa hiyo tu. Mwambie kwamba katika muda huo hakukuonekana miiba, na daktari ataamua kwa maelezo ya mama kuhusu yale anayoyaona nyumbani.