Upana usiobadilika: umbo lisilo duara linalobingirika kama duara

Watu wanaohamisha mzigo mzito, sefu au jiwe kubwa, huulaza juu ya mabomba au magogo na kuusukuma. Mzigo unasonga mbele bila kupanda wala kushuka, na kila mtu atakwambia ni kwa sababu bomba ni duara. Jibu hilo lina ukweli, lakini halijafika kwenye kiini. Kinachouweka mzigo usawa mmoja ni kwamba umbali kati ya sakafu na sehemu ya chini ya mzigo haubadiliki bomba linapozunguka. Duara lina sifa hiyo, na si peke yake.

Chukua umbo lolote ulibane katikati ya rula mbili zilizo sambamba. Umbali kati ya rula hizo ni upana wa umbo kwa upande huo. Ukilizungusha umbo la mraba, rula zitalazimika kuachana, kwa kuwa kutoka kona hadi kona ni mbali kuliko kutoka ubavu hadi ubavu. Umbo likizungushwa pande zote na rula zisisogee hata kidogo, tunasema lina upana usiobadilika. Linalojulikana zaidi baada ya duara ni pembetatu yenye mbavu zilizovimba, inayoitwa pembetatu ya Reuleaux kwa jina la Franz Reuleaux, mhandisi wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyechunguza mwendo wa sehemu za mashine.

Kuichora ni kazi ya dakika chache. Chora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande sentimita 10. Fungua bikari sentimita 10, simika ncha yake kwenye kona ya kwanza, kisha chora tao linalounganisha kona mbili nyingine. Fanya hivyo kwa kila kona, halafu futa mistari iliyonyooka. Yanabaki matao matatu yanayokutana kwenye kona tatu, na kila tao lina kitovu chake kwenye kona inayolitazama.

Siri yote iko kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Simamisha umbo lako mezani likigusa meza kwa kona moja, kisha ulaze rula juu yake sambamba na meza. Rula itagusa tao lililo mkabala na kona ile, na kila nukta ya tao hilo iko sentimita 10 kutoka kwenye kona. Liinamishe umbo kidogo huku kona ikibaki palepale: rula sasa inagusa nukta nyingine ya tao lilelile, nayo pia iko sentimita 10. Umbo litaendelea kuegemea kona hiyo kwa nyuzi 60. Hapo tao lingine linashuka na kuanza kugusa meza, na zamu zinabadilika: sasa tao liko chini na kona yake iko juu, ikiibeba rula. Kwa kuwa kona hiyo ndiyo kitovu cha tao linalobingirika, haiwezi kuwa juu zaidi wala chini zaidi ya sentimita 10. Baada ya nyuzi 60 nyingine kona inakuwa chini tena. Kwa hiyo kila wakati kuna kona upande mmoja na tao lake upande wa pili, na rula haina nafasi ya kupanda au kushuka.

Mzingo wake nao unashangaza. Kila tao ni sehemu ya sita ya duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10, na matao ni matatu, hivyo jumla ni nusu ya mzingo wa duara hilo, yaani takribani sentimita 31.4. Duara lenye kipenyo cha sentimita 10 lina mzingo uleule. Mwaka 1860 Mfaransa Joseph-Émile Barbier alithibitisha kuwa hili si sadfa: maumbo yote yenye upana usiobadilika unaolingana yana mzingo unaolingana. Eneo ndilo linalotofautiana. Duara letu lina sentimita za mraba 78.5, na pembetatu hii ina 70.5 tu, eneo dogo kuliko la umbo lolote lingine la upana huo.

Basi mbona magari hayana magurudumu ya namna hii? Kwa sababu gurudumu lina ekseli, na gogo la kusukumia mzigo halina. Mzigo ulio juu ya gogo unahitaji upana tu usibadilike. Ekseli inahitaji katikati ya gurudumu ibaki kwenye kimo kilekile, na hapa pembetatu yetu inashindwa: kutoka katikati hadi kona ni sentimita 5.8, na kutoka katikati hadi kilele cha tao ni 4.2. Ekseli ingerushwa juu na kushushwa kwa sentimita moja na nusu hivi, mara tatu kwa kila mzunguko.

Maumbo mengine ya aina hii hujengwa kutokana na poligoni sawa zenye pande tano, saba, tisa na kuendelea, mradi idadi iwe witiri. Ikiwa shufwa, kona hutazamana na kona nyenzake, na hakuna tao la kuikabili. Sarafu ya Uingereza ya peni 50, iliyotolewa mwaka 1969, ina pande saba zilizovimba kwa kanuni hiyohiyo. Vidole vinaitambua kwa kona zake, na mashine inayopima upana wa sarafu inaipata uleule kwa kila upande.

Mahali ambapo dhana hii inauma kweli ni karakana. Mkerezaji anabana bomba jembamba kwenye kishikio chenye meno matatu, analichonga ndani hadi liwe duara safi, kisha analegeza meno. Chuma kilichokuwa kimebanwa kinarudi kilivyokuwa, na tundu linabaki na uvimbe mara tatu, yaani sehemu tatu za mzingo wake zimevimba. Akipima kipenyo kwa kalipa, hata mara kumi kwa pande tofauti, anaweza kupata namba ileile kila mara na kuamini ni duara. Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa mjumbe wa tume ya kuchunguza ajali ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, aliligusia jambo hili baada ya kuona kwamba uduara wa vipande vya roketi ulikuwa ukikaguliwa kwa kupima vipenyo vitatu.

Kwa shafti au kipande kingine kinachopimwa kwa nje, ukaguzi mzuri zaidi ni kukilaza kwenye chuma chenye mfereji wa V, kuweka juu yake saa ya kupimia, na kukizungusha polepole. Sasa kinagusa sehemu tatu badala ya mbili zinazokabiliana. Kikiwa duara mshale unatulia. Kikiwa na uvimbe mara tatu unapanda na kushuka mara tatu kwa mzunguko. Ila pembe ya mfereji ina maana yake: wa nyuzi 60 unaonyesha vizuri sana uvimbe wa mara tatu lakini ule wa mara tano unapita bila mshale kutikisika, na wa nyuzi 90 unaonyesha wa mara tatu na wa mara tano lakini unaukosa wa mara saba. Asiyejua kipande chake kina kasoro ya aina gani akizungushe kwenye mhimili ulionyooka kabisa, ambapo mshale unasoma umbali wa kila nukta kutoka katikati moja tu.