Notisi kwa jirani anayekumwagia maji: dhana potofu na ukweli

Chukua viwanja viwili vilivyopakana mteremkoni, tuseme Goba, Dar es Salaam. Mwenye kiwanja cha juu ameezeka bati bila kuweka mifereji ya paa, amesakafia uwanja wote kwa zege, na chini ya ukuta wake amepitisha mabomba mawili ya inchi 4 yanayotazama bondeni. Shimo lake la maji taka liko mita moja tu kutoka mpakani. Wa chini ukuta wake umelowa hadi usawa wa dirisha, uani pananuka, na sasa anataka kumwandikia jirani yake notisi. Kabla hajashika kalamu, kuna mambo kadhaa ambayo mtaani yanasemwa kama sheria, na siyo.

Dhana: Maji ya mvua ni ya Mungu, aliye bondeni hana budi kuyapokea

Hapa kuna nusu ya ukweli, na ndiyo maana dhana hii haifi. Maji yanayoteremka yenyewe juu ya ardhi kama yalivyoteremka kabla ya nyumba kujengwa hayampi wa chini madai dhidi ya wa juu. Lakini mtu akiyakusanya maji, akayabana na kuyatoa kwa nguvu mahali pamoja, hayo si maji yaliyojiendea tena. Ni kazi ya mikono yake, na madhara yake yanaweza kudaiwa kama kero.

Piga hesabu uone tofauti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 50, mvua kubwa ya siku moja ya masika, linatoa lita 10,000, yaani ndoo 500 za lita 20. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo au yalitawanyika kwenye mpaka wote. Sasa yanatoka kwenye matundu mawili, ndoo 250 kila tundu, na ndiyo yanayochimba msingi.

Kwa hiyo notisi isiandikwe "maji yako ya mvua yananisumbua." Iandike kilichojengwa: paa lisilo na mifereji, sakafu iliyoinamishwa bondeni, mabomba mawili na mahali yalipo. Mvua inaponyesha, kinga ndoo ya lita 20 mdomoni mwa bomba na uangalie saa. Ikijaa kwa sekunde 10, bomba hilo linatoa lita 2 kwa sekunde, lita 7,200 kwa saa. Kipimo hicho kimoja kina uzito kuliko kurasa mbili za malalamiko.

Dhana: Panaponuka na pamelowa, hapo ni maji taka ya jirani

Huenda ni kweli, lakini notisi nyingi zinaangukia hapa. Unyevu chini ya ukuta una vyanzo visivyopungua vinne: maji taka ya jirani, maji ya mvua, maji ya ardhini yaliyopanda wakati wa masika, na bomba lako mwenyewe linalovuja. Ukimshutumu mtu kwa bomba lako, barua inayofuata hataisoma.

Anza kwako. Saa 4 usiku funga koki zote pamoja na ya kuingizia maji kwenye tangi, andika namba za mita, kisha weka alama kwenye usawa wa maji ndani ya tangi. Soma tena saa 11 alfajiri. Mita ikisogea, uvujaji uko kati ya mita na tangi. Maji ya tangi yakishuka, uko kati ya tangi na nyumba. Fungua na chemba zako uone kama yanapita au yamesimama.

Ukishajiridhisha na kwako, weka daftari la siku 14, asubuhi, mchana na jioni. Muda ndio unaotofautisha maji. Ya mvua hufika dakika chache baada ya mvua kuanza na hupungua inapokatika. Ya ardhini hupanda polepole, hubaki wiki nyingi baada ya masika, na hayajali saa. Maji taka hutoka hata siku kavu, huzidi asubuhi watu wanapooga na jioni vyombo vinapooshwa, na hupungua jirani akisafiri. Mahali yanapochuruzika huacha utando mweusi unaoteleza. Usitegemee harufu peke yake, kwa sababu maji taka yaliyopita kwenye mita kadhaa za mchanga yanaweza kufika kwako bila kunuka, na bado yakawa na vimelea.

Wengi hupenda jaribio la rangi: inamiminwa chooni kwa jirani na kusubiriwa itokee kwako. Ikitokea kwenye bomba au ufa ndani ya saa chache, hapo hakuna ubishi. Isipotokea, haijathibitisha kitu. Udongo, hasa wa mfinyanzi, hushika rangi, na safari ya mita chache ardhini huweza kuchukua siku au wiki. Jaribio hili lifanywe mbele ya afisa afya wa kata na kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ukichukua sampuli ya maji kupimwa bakteria wa kinyesi, omba chupa safi maabara, iweke kwenye barafu na uifikishe siku ileile. Chupa ya soda iliyosuuzwa itatoa majibu yasiyo na maana.

Lipo pia lile linaloitwa kutapisha: mtu anangoja mvua kubwa ndipo afungulie shimo, ili uchafu uende na mafuriko. Hili halikamatwi kwa kusimulia. Piga video moja isiyokatwa, ianzie mvua inaponyesha, ipite kwenye kitu kinachotambulika kama geti au nguzo ya umeme, iishie kwenye mdomo wa bomba.

Dhana: Notisi ni lazima iandikwe na wakili, na iwe ya siku 90

Siku 90 ni za anayetaka kuishtaki Serikali, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 zinahusu pia halmashauri. Kama maji yanatoka kwenye mtaro wa barabara ulioziba, hapo hesabu hiyo inakuhusu. Jirani hana siku 90. Unampa muda unaolingana na kazi na hatari yenyewe, na barua unaweza kuiandika wewe kwa Kiswahili cha kawaida. Wakili anafaa pale nyumba imeanza kupasuka au unapodai fedha nyingi.

Kwa mfano wetu, kiini cha barua kingekuwa hivi:

"Ndugu jirani, salaam. Kuanzia tarehe 3 hadi 16 Aprili, maji machafu yamekuwa yakitoka kwenye ukuta wa mpaka wetu, mita 4 kutoka kona ya barabarani, asubuhi na jioni, zikiwemo siku tisa ambazo mvua haikunyesha. Vilevile mabomba mawili ya inchi 4 chini ya ukuta wako yanatoa maji ya paa na ya uwanja ndani ya kiwanja changu. Naambatanisha picha na nakala ya daftari. Naomba: (1) shimo linyonywe ndani ya siku 3, (2) maji taka yasivuke mpaka, na marekebisho ya kudumu yakamilike ndani ya siku 30, (3) maji ya mvua yaelekezwe kwingine kihalali ndani ya siku 21. Nipo tayari tukague pamoja Jumamosi saa 3 asubuhi."

Angalia kwamba maji taka na maji ya mvua yametenganishwa, kila moja na ombi lake na siku zake. Mtu akiyachanganya, jirani ataweka mfereji wa paa na kusema ametekeleza. Angalia pia neno "kihalali." Usimwandikie "elekeza maji yako barabarani" bila kusema maji gani. Ya mvua yanaweza kupelekwa kwenye mtaro kwa kibali cha wanaousimamia. Maji taka hayaruhusiwi mtaroni, na ukimtaka afanye hivyo unaomba kosa jingine.

Barua apewe mwenye nyumba, na nakala apewe anayeishi humo. Mpangaji anaweza kupunguza matumizi ya maji leo, lakini hawezi kuchimba shimo jipya. Chapa nakala mbili, moja isainiwe na mpokeaji pamoja na tarehe. Akikataa kusaini, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie na aandike hivyo. Ujumbe wa WhatsApp nao ni ushahidi unaokubalika, ila usifute mazungumzo wala kubadilisha simu bila kuyahifadhi.

Dhana: Akishanyonya shimo, yamekwisha

Gari la maji taka linakupa nafasi ya kupumua, basi. Nyumba ya watu sita wanaotumia lita 80 kila mmoja inatoa karibu lita 480 kwa siku. Shimo la lita 3,000 ambalo udongo wake haunywi tena maji litajaa upya baada ya siku sita hivi. Shimo hufika hapo kwa sababu tope halikutolewa kwa miaka, likavuka kutoka chemba ya kwanza na kuziba vinyweleo vya udongo, au kwa sababu maji ya ardhini yamepanda na hakuna pa kunywea. La kwanza linatibiwa kwa shimo jipya la kunyonyea mbali na mpaka. La pili halitibiki kwa kuchimba kina zaidi, kwani atazidi kuyafuata maji. Hapo ni shimo lisilovuja linalonyonywa kwa ratiba, au kuungwa na mtandao wa maji taka kama umefika mtaani. Ndiyo maana ombi la pili la barua linataja matokeo, "yasivuke mpaka," na kumwachia fundi wake njia.

Dhana: Siku zikipita, ziba tundu

Tunaelewa hasira hiyo, lakini tafadhali usizibe. Ukuta unaozuia udongo huwekewa matundu ili maji yaliyo nyuma yake yatoke. Yakizibwa, mvua moja nzito inaweza kuuangusha ukuta, na utaangukia upande wa chini, ambao ndio wako. Ukiziba bomba la maji taka, uchafu utarudi chooni kwa watu na mlalamikaji atageuka mlalamikiwa.

Siku zikipita, mpelekee afisa afya wa kata nakala ya notisi na daftari. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya uwezo wa kuamuru kero iondolewe, na amri hiyo haidai fidia, inadai uchafu ukome. Mgogoro wa ardhi unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi hukumu kwenye mambo ya ardhi, linasuluhisha tu, ndani ya siku 30. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Fidia ya madhara ya aina hii inadaiwa ndani ya miaka 3. Kero ikiwa bado inaendelea, muda unahesabiwa upya kadiri inavyoendelea, lakini plasta uliyorudishia miaka minne iliyopita ni vigumu kuilipwa leo. Kila risiti ya fundi, saruji na rangi iandikwe tarehe na iwekwe pamoja na nakala ya notisi iliyosainiwa.