Kitone cha kijani kwenye simu yako kinasema nini

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba alituletea simu yake mchana mmoja. Alikuwa amefungua programu ya mikopo kuangalia deni lake, akaona kitone cha kijani kikiwaka juu kulia mwa kioo, kisha kikazimika. Akataka kujua kama amepigwa picha.

Kitone hicho kimo kwenye simu zinazotumia Android 12 na kuendelea. Huwaka kamera au maikrofoni inapotumika, iwe ni wewe unapiga simu ya video au ni programu iliyoifungua bila wewe kutaka. Ukikiona, vuta kioo kutoka juu kwenda chini kisha gusa alama ya kijani. Utaonyeshwa kama ni kamera au maikrofoni, na programu inayoitumia. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 14, kijani ni kamera na rangi ya chungwa ni maikrofoni peke yake.

Kwa mama yule kitone kilishazimika, kwa hiyo tulitafuta kumbukumbu. Tulifungua Settings, tukaandika Privacy dashboard kwenye sehemu ya kutafutia, tukagusa Camera. Hapo simu hupanga programu zilizotumia kamera ndani ya saa 24 zilizopita, pamoja na saa yenyewe. Ndiyo maana ni vizuri kuangalia siku hiyohiyo.

Programu ile ilikuwa na mistari miwili: 9:12 AM na 2:40 PM. Watu wengi hukosea hapa, kwa sababu simu haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Ya kwanza ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, alipopiga picha kitambulisho chake ili aombe mkopo. Hiyo ina sababu. Ya pili ni saa nane na dakika arobaini mchana, alipokuwa anasoma deni tu. Kusoma deni hakuhitaji kamera.

Tuligusa mstari huo, ukafunguka ukurasa wa ruhusa, tukachagua Don't allow. Deni halikufutika na programu iliendelea kufanya kazi. Kama angekuwa anapiga picha vitambulisho mara kwa mara, ningemshauri Ask every time, ili programu iombe upya kila inapohitaji kamera.

Tulimweleza pia yale ambayo kumbukumbu hiyo haiwezi kuyajibu. Inaonyesha kuwa kamera ilifunguliwa, lakini haionyeshi kama picha ilihifadhiwa wala ilitumwa wapi. Kuondoa ruhusa hakurudishi kilichokwishatumwa. Na picha zilizomo kwenye simu zina ruhusa yake peke yake, ambayo kitone hakiigusi kabisa. Tulipoiangalia, programu ileile ilikuwa nayo pia. Tukaiondoa kabla hajarudi kwenye dagaa wake.